Mkwe wangu kaiona khanga aliyonipa mwilini kwa jirani

*Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mbagala, nimeolewa na kijana wa Tanga huu mwaka wa tatu. Nilipojifungua mama mkwe alikuja kunitazama, akaleta vitu vya uzazi, unga wa uji, pilipili manga, sabuni, na doti ya khanga nyekundu na nyeusi. Nikamshukuru sana tena mbele za watu, nikamwambia mama hii ntaivaa siku ya arobaini. Alipoondoka nikaikunjua nikasoma jina, HASIDI HANA SABABU. Shangazi nililia. Nikajua ananisema mimi, maana kabla ya hapo kulikuwa na maneno kuhusu hela ambazo mwanawe anatuma nyumbani. Sikumwambia mtu hata mume wangu. Baada ya wiki mbili jirani yangu, ambaye ndo alinisaidia kufua na kupika kipindi chote cha uzazi, akawa na shughuli, mi sina hela, nikampa ile doti nikamwambia nimekununulia. Juzi kaivaa kapiga picha kaweka statasi ya wasapu, wifi yangu ana namba yake, kaiona kamtumia mama. Mama kampigia mume wangu anasema "mwambie mkeo kama hataki vyangu angenirudishia mwenyewe." Zimebaki siku tisa arobaini ifike na mama anakuja. Mume wangu anasema niende Kariakoo nitafute doti kama ile ile niivae, niseme jirani nae alinunua ya kwake. Nifanyeje? Na je, ni dhambi kumpa mtu zawadi uliyopewa?*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto, Mungu amkuze.

Kwanza Kariakoo usiende. Nalisema hili mapema kwa sababu siku tisa ni chache na najua ukishaingiwa na hofu miguu inatangulia. Doti unayoitafuta huenda usiipate, maana khanga zinaingia kwa mzigo, mzigo ukiisha madukani unaweza ukakuta mchoro ule ule lakini wa kijani na njano, au rangi ni zile ila pindo lake limebadilika, na mama wa Tanga aliyekwenda dukani mwenyewe akaichagua kwa mikono yake ataijua tofauti kabla hujakaa. Halafu tuseme umeipata. Siku ya arobaini jirani yako si atakuja? Mtu aliyekufulia nguo za uzazi huwezi kumwacha. Atakuja, na mkivaa wote wawili mtakuwa sare, watu watauliza mmenunua wapi, yeye atasema kwa roho safi kabisa "si huyu ndo alinipa." Hapo utakuwa umeuongopea ukoo mzima na umemdhalilisha mtu aliyekutendea wema. Mume wako anataka kukuokoa, mwambie ahsante, ila njia hiyo hapana.

Sasa la dhambi. Mimi si sheikh, kwa hiyo hukumu kamwulize anayejua, ila kuna kisa ambacho nimekisikia darsani tangu mdogo na kimo ndani ya Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar aliona vazi la hariri linauzwa mlangoni mwa msikiti, akamwambia Mtume (s.a.w.) angelinunua awe analivaa Ijumaa na siku za wageni, Mtume akakataa kwa kuwa ni hariri. Baadae zikaletwa nguo za namna ile ile, Mtume akampa Umar moja. Umar akashangaa, akasema umenipa hii na ulishasema uliyoyasema? Akajibiwa kwamba hakupewa ili aivae. Umar akaichukua akampa ndugu yake aliyekuwa Makka, ambae hata Uislamu alikuwa hajaingia. Kwa hiyo kitu kupewa halafu nacho kikaenda kwa mwingine ni jambo la zamani sana, ukishapewa ni mali yako. Lakini angalia Umar alivofanya. Aliuliza kwanza. Kitu alichopewa hakukielewa, akarudi kwa aliyempa akamwambia wazi sijaelewa, ndo akapata jibu, ndo akatoa.

Wewe hapo katikati uliruka, na kuna maneno mawili uliyoyasema ndo yamekufikisha hapa kuliko khanga yenyewe.

La kwanza ni "ntaivaa siku ya arobaini." Hukuwa umeikunjua. Kwetu zawadi ukipewa unaipokea kwa mikono miwili, unamwombea dua aliyekupa, unaiweka pembeni, mwenyewe akishaondoka ndo unafungua, na wazee walikuwa na hekima kubwa hapo kwa sababu uso wako unapewa nafasi, ikiwa haijakupendeza utaumia ukiwa peke yako chumbani na sio mbele yake. Wewe nafasi hiyo ulikuwa nayo ukaifunga kwa ahadi. Mama kaondoka Mbagala na tarehe kichwani, kawaambia na wenzie Tanga kwamba mkwe wangu ataivaa khanga yangu arobaini, kwa hiyo picha ilipofika ilikuta mtu anaesubiri. Ukipewa kitu sema yale ambayo ni kweli saa hiyo hiyo, "mama umetoka Tanga mpaka huku kwa ajili yangu, Mungu akuzidishie", "mama nyekundu hii sikuwa nayo", inatosha na wala hujaongopa. Ya kuvaa lini na wapi yaache. Hata kwenye kichen pati ambako siku hizi zawadi zinafunguliwa hadharani na emsii ameshika maiki, bibi harusi anaeshukuru safari na moyo wa mtu hapati tabu baadae kama yule anaeahidi "hii blenda ntaitumia kila siku" wakati anazo nyingine mbili ndani.

La pili ni "nimekununulia." Ungemwambia jirani, dada nimepewa doti hii, mimi sijaikata wala kuifua, nimekuangalia kazi uliyonifanyia nikaona ikufae wewe, angeipokea kwa furaha ile ile na pengine zaidi, na asingeiweka statasi bila kukuuliza. Mtu akijua kitu kimetoka kwa mtu kinakuwa na adabu yake. Akijua kimetoka dukani anapiga picha, kosa lake liko wapi?

Nitakusimulia langu, maana na mimi limenikuta. Miaka mingi nyuma nilipewa seti ya hotpoti tatu na shoga wa dada yangu nilipopata nyumba, nilikuwa nazo tayari, nikaziweka juu ya kabati kwenye boksi lake. Ikaja harusi ya binti wa mama mmoja tuliekuwa nae kwenye kikoba, nikalifuta boksi vumbi nikalipeleka. Sikufungua. Ndani ya hotpoti ndogo kulikuwa na kibahasha, kadi yenye jina langu na maneno ya dua, na noti ya elfu kumi. Yule binti aliifungua mbele ya mama yake. Hakuna alienigombeza, binti aliniletea ile bahasha nyumbani kwa heshima, akaniambia shangazi hii nadhani ni yako, na mimi nikakaa pale sina neno. Kilichoniuma zaidi sio aibu, ni ile dua, mtu aliniandikia dua nzuri kabisa na nilikuwa sijaisoma kwa miaka miwili. Toka siku hiyo hakuna kitu kinatoka kwangu sijakifungua mpaka chini, sufuria ntatoa lile karatasi la ndani, shuka ntalikunjua lote nilitikise.

Na nguo ina mambo yake zaidi ya chombo, hasa ya kwetu pwani, kwa sababu nguo inabeba harufu. Mama akiwa amekufukizia ile doti udi wake kabla ya kukuletea, ukiipeleka kwa mtu wa mtaa huo huo anaemjua, pua itasema kabla ya mdomo. Khanga nayo inajulikana kuliko nguo zote, mchoro wa mji wake, pindo lake, rangi zake, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa, mtu akisimama hatua kumi anakusomea. Sufuria mbili za namba moja huwezi kujua ipi ya nani. Khanga unajua. Kwa hiyo kama mtu anataka kuitoa khanga aliyopewa ajiulize hawa wawili, aliyenipa na ntakaempa, wanakutana? Wanahudhuria shughuli moja? Siku hizi ongeza, wana namba za simu za kila mmoja? Wifi yako na jirani yako hawajawahi kukaa mkeka mmoja pengine zaidi ya mara mbili, lakini wameonana kwenye simu. Doti ile ingekwenda kwa dada yako aliye Mwanza haya yasingekuwepo, au yangechelewa.

Kuna na daftari. Sijui kwenu kama mnaandika, sisi tunaandika, nani kaleta nini kwenye shughuli yangu, doti ngapi, kilo ngapi za mchele, bahasha ya shilingi ngapi, kwa sababu siku yake ikifika na wewe unapaswa kusimama. Kitu ukikitoa kwa mwingine jina lake halifutiki kwenye daftari. Mama mkwe wako bado umepokea doti yake, ikiwa iko kabatini kwako au kwa jirani, na siku ana jambo lake Tanga hutakwenda mikono mitupu ukasema khanga yake hata sikuivaa. Hili wengi wanalisahau, wanaona wakishakitoa kitu wamemalizana nacho.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe, maana hapa ndipo ulipoumia, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu nadhani umelisoma kinyume.

Khanga anaeisema ni anaeivaa. Jina likiwa kiunoni kwako wewe ndie msemaji, wanaokutazama ndo wanaoambiwa. Ndo maana mtu akitaka kumpiga kijembe shoga yake anainunua khanga anaivaa *mwenyewe* anapita mbele ya baraza lake, hampelekei yule mtu aivae. Mama mkwe wako kakuletea HASIDI HANA SABABU ukiwa na kichanga mikononi, wakati ambao watu wanaingia na kutoka wanamtazama mtoto, kila mtu na jicho lake. Ukiivaa ungekuwa unawaambia wao, watakaotuonea wivu mimi na mwanangu na waone, hatujawakosea kitu. Kwa wazee wengi hiyo ni kama kinga anamvisha mkwe wake. Je inawezekana alikuwa anakusema wewe? Inawezekana, siwezi kukuapia, wapo wanaotoa khanga kwa nia ya kumfikishia mtu ujumbe akausomee ndani, nimeiona kwa macho yangu. Lakini anaetaka ujumbe ufike anahakikisha umefika, atakupa ameikunja jina liko juu, au atakwambia "usome na jina lake", au atakuwa na mtu pembeni yake anacheka. Wewe unasema ulikunjua ameshaondoka ndo ukaona. Hakukuonyesha. Jiulize na hili, mama anasoma bila miwani?

Na kuna khanga ya mzazi, ambayo ukiwa ndo umezaa mara ya kwanza pengine hukuijua. Unakumbuka kliniki walivyokwambia uende hospitali na khanga, ya kutandika, ya kumpokelea mtoto, ya kujifunga? Mama akikuletea doti kwenye kapu moja na unga wa uji na pilipili manga anakuletea kifaa cha kazi, utamfunikia mtoto, utambebea mgongoni, utajifunga tumbo. Khanga ya namna hiyo mtu anaangalia pamba, anaipapasa kwa vidole kama ni nzito, anaangalia kama itachuja, rangi ikimpendeza analipa. Jina linakuja la mwisho au haliji kabisa. Wewe ndie uliyeipandisha cheo ikawa ya kuvaa arobaini, na yeye akafurahi.

Sikwambii hayo ili ujisikie mkosaji. Maneno ya hela yalikuwepo, moyo wako ulikuwa tayari umejeruhiwa, na mzazi mwenye siku kumi halali vizuri hali vizuri, ukilisoma jina lolote siku hiyo lingekuchoma. Ila ulilia peke yako na hukuuliza, na hata mumeo hukumwambia, kwa hiyo yeye leo anaona ni suala la doti kupotea ndo maana anafikiria dukani. Mwambie leo usiku. Mwambie na jina.

Kesho asubuhi nenda kwa jirani. Usimwombe airudishe, hata kwa kumwekea nyingine badala yake, usimwombe. Mtume (s.a.w.) amemfananisha anaerudia zawadi yake na mbwa anaerudia matapishi yake, na ni maneno makali kwa sababu jambo lenyewe linaumiza. Doti ni yake, ameshaikata ameshaifua, mwache nayo. Unaenda kumwambia ukweli tu, dada nilikwambia nimekununulia, nilipewa na mama mkwe, nisamehe, na sasa yeye kaiona kaumia, wewe huna kosa. Yeye mwenyewe ataamua kama siku ya arobaini aivae au avae nyingine, nakuhakikishia mtu aliyekupikia uji wa uzazi ataelewa, tena atakuuliza akusaidieje. Ukimficha atakuja na ile khanga kwa nia njema kabisa, akae karibu na mama.

Halafu mama. Usisubiri afike arobaini, nyumba imejaa, pilau linapikwa, mashangazi wote wako mlangoni. Ukiwa na kichanga huwezi kupanda basi kwenda Tanga, kwa hiyo itabidi simu, lakini piga wewe mwenyewe, sauti, sio meseji na sio voisi, na mume wako asiongee kwa niaba yako. Meseji itasomwa na wifi kwanza. Piga saa ambayo unajua ameshaswali amekaa, alasiri hivi au baada ya Isha. Mpe shikamoo, muulize hali, halafu ingia moja kwa moja, watu wengi wanaharibu hapa, wanazunguka na mtoto anaendelea vizuri na mvua huku zinanyesha mpaka mama anakata simu hasira iko pale pale. Sema hivi au kwa maneno yako,

"Mama nimepiga kukuomba radhi. Ile doti uliyoniletea nilimpa jirani yangu. Ni kweli. Nilikwambia ntaivaa na sikuivaa, na sikukwambia, nimekukosea."

Kisha nyamaza. Atasema yake, pengine atasema mengi, muache amalize, usiingize "lakini". Akishatulia ndo unamwambia la jina, na uliseme kama mtu anaeuliza, sio anaeshtaki,

"Mama kuna kitu nilikificha. Niliposoma jina lake niliumia, nikadhani ni mimi. Sikuwa na ujasiri wa kukuuliza."

Hapo utasikia mwenyewe. Kama hakuwa na nia utasikia kwenye pumzi yake, wengi watasema "jina gani?", na hiyo "jina gani" ikitoka haraka bila kufikiri ni jibu tosha. Atakuuliza lilikuwa linasemaje, utamsomea, atashtuka, inawezekana hata akalia. Na kama alikuwa na nia ataanza kukwepa, atasema "aa khanga ni khanga tu", au atazirudia zile hela. Ikiwa hivyo nayo usigombane, afadhali, maana sasa mnaongea jambo lenyewe ambalo ni hela za mumeo, na hilo ni la kukaa watatu na mume wako akiwa ndie msemaji kwa sababu hela ni zake na mama ni wake. Wewe lako la kuomba radhi limekwisha, usiliombe mara ya pili.

Alisema "angenirudishia mwenyewe", na wakwe wengi wakisikia hivyo wanaona ni hasira tu. Mimi naona kakufundisha njia. Kurudisha zawadi kwa aliyekupa kunawezekana bila kumvunja moyo, ikiwa unarudisha huku unaomba kitu kingine chake. Kuna kisa cha Mtume (s.a.w.) alichokisimulia Bi Aisha, kwamba Abu Jahm alimpa nguo yenye nakshi, akaswali nayo, zile nakshi zikamshughulisha ndani ya swala. Akasema ipelekeni kwa Abu Jahm, na mniletee ile nguo yake nzito isiyo na nakshi. Wanazuoni wakaeleza kwamba aliomba ile nyingine ili Abu Jahm asione zawadi yake imekataliwa. Mimi kila nikikisikia kisa hiki naona ni adabu ya hali ya juu, kasema sababu, ya kweli, na hakumwachia mwenzie mikono mitupu. Kwa khanga ingekuwa rahisi hata zaidi, siku ile ile au kesho yake ungepiga simu, mama khanga nimeipenda rangi, jina ndo limenishtua kidogo, unaonaje tukabadilishane na moja katika zako za zamani, zile laini nimbebee mtoto? Mama gani angekataa? Khanga ya bibi iliyolainika kwa kufuliwa ndo inayomfaa mtoto ngozi, na angekupa huku anajisikia fahari.

Dukani nako panabadilishika, kwa masharti. Doti ikitoka dukani ni kipande kimoja kirefu, zile mbili zimeungana, bado ina ule ukakamavu wa upya. Mkasi ukipita katikati au ikigusa maji imeshakuwa yako, hakuna muuzaji ataipokea. Ikiwa nzima na haijapinduliwa pindo, na ukienda duka lile lile ndani ya siku chache, wengi watakukubalia ubadilishe kwa doti nyingine ya bei hiyo hiyo au uongeze, kurudishiwa hela sahau. Ila lazima ujue ilinunuliwa wapi, na wa kukwambia ni aliyekupa, kwa hiyo njia zote zinarudi kwake.

Sasa kwenye hiyo simu kabla hujakata mwombe. Mwambie mama arobaini sina cha kuvaa ulichonichagulia wewe, ukija njoo siku moja mapema twende dukani. Hela toa wewe, hata kama ni ya kukopa kwa mumeo, akitaka kutoa yeye muache atoe. Mwache apapase pamba, achague rangi, asikilizwe na muuzaji. Muuzaji akishaikunjua mezani, kabla hajatia kwenye mfuko, mwombe mama akusomee jina kwa sauti. Kama hana miwani msomee wewe. Mkikubaliana wote wawili ndo mwambie fundi wa cherehani pale nje aikate apinde, mkirudi nyumbani imeshakuwa tayari, umvalie.